Kupanga mazoezi kwa mzunguko wa hedhi: anza na mbio moja ya kupimia

Zile kalenda za mazoezi zinazogawa mwezi vipande vinne zimeenea kila mahali: wiki hii nyanyua vizito, ijayo kimbia kasi, inayofuata punguza, ya mwisho jinyooshe tu. Zinapendeza kuzitazama. Tatizo ni kwamba aliyezipanga hajui mwili wako unafanya nini. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 78 kuhusu hedhi na uwezo wa mazoezi. Ulionyesha kwamba kwa wastani uwezo hushuka kidogo sana siku za mwanzo za hedhi, na kwamba matokeo ya tafiti hizo yalitofautiana mno. Ushauri uliotolewa ni kila mwanamke apangiwe kwa hali yake mwenyewe. Ushauri mzuri, lakini unakuacha na swali: hali yangu naijuaje?

Mimi naijua kwa mbio moja isiyobadilika. Nusu saa, njia ileile ya tambarare, saa ileile ya siku, kasi ileile ambayo kwa kawaida naimudu huku nikiongea. Naikimbia mara mbili kwa wiki, iwe mwanzo wa mzunguko au mwisho wake. Nikishamaliza nasubiri kama nusu saa, kisha naandika alama moja kati ya 0 na 10 ya jinsi mbio ilivyonielemea. Alama 4 ni pale ninapoweza kutoa sentensi nzima bila kukata pumzi. Sita, sentensi zinakuwa fupifupi. Nane, neno mojamoja. Nasubiri hiyo nusu saa kwa sababu ukiandika palepale unapohema, dakika mbili za mwisho ndizo zinazopiga kura kwa niaba ya mbio nzima.

Kasi isibadilike, hapo ndipo siri ya kipimo ilipo. Ukijiachia ukimbie unavyojisikia, mwili utapunguza mwendo kimyakimya, utaandika 4 kama juzi, na hutaona chochote. Asiyekimbia anaweza kutumia baiskeli ya mazoezi kwa ugumu uleule, au kutembea haraka kwenye mlima uleule.

Pembeni ya alama naandika mapigo ya moyo ya asubuhi kabla sijatoka kitandani, na neno moja kuhusu usingizi. Siku ya mzunguko naijaza mwisho kabisa, baada ya alama, na hili nalisisitiza. Ukishajua kwamba leo ni siku tano kabla ya hedhi, mguu utakuwa mzito hata kabla hujafunga kamba za viatu. Andika kwanza ulichokisikia, ndipo ufungue kalenda.

Kuhesabu nako kuna ujanja wake. Siku ya 1 ni siku damu inapoanza kutoka kweli, matone ya kabla yake hayahesabiwi. Kwa mtu mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na sehemu inayorefuka na kufupika zaidi ni ile ya kabla yai halijatoka. Kutoka yai litoke hadi damu ianze, kwa wengi ni kama wiki mbili, na hapo hapabadiliki sana. Kwa hiyo hedhi ikishafika, mimi narudi nyuma na kuhesabu: siku moja kabla, mbili kabla, tano kabla. "Siku ya 23" inaweza kuangukia mahali tofauti kabisa mwezi huu na mwezi ujao, ila "siku tano kabla" karibu kila mara inazungumzia hali ileile ya mwili. Na programu ya simu inayokuambia leo yai limetoka, kama haina kipimo chochote isipokuwa tarehe, inabahatisha tu.

Ni nini hasa kinachobadilika? Yai likishatoka, homoni iitwayo projesteroni hupanda. Joto la mwili huongezeka kwa nyuzi kama 0.3 hadi 0.5, pumzi huwa za haraka kidogo, na mapigo ya moyo ya asubuhi huweza kupanda kwa machache. Maana yake, kasi ileile huanza kukuelemea zaidi, hasa kukiwa na jua kali au mbio ikiwa ndefu, ingawa nguvu za misuli zenyewe hazijaenda popote. Siku chache kabla ya damu, projesteroni na estrojeni zote hushuka, na wapo ambao usingizi huanza kukatikakatika. Damu ikianza, tumbo linauma kwa sababu mfuko wa uzazi unajikaza. Haya ni mambo matatu tofauti, na si kila mwanamke anayapata yote. Ndiyo maana kanuni moja ya jumla haitoshi.

Nichukue mfano wa mwenzangu ninayekimbia naye. Mzunguko wake ni wa siku kama 30. Baada ya mizunguko mitatu daftari lake lilikuwa linasoma hivi: mbio ya kupimia ilikuwa 4 karibu wakati wote, siku tano hadi tatu kabla ya hedhi ikawa 6, na mapigo ya asubuhi yakatoka 58 hadi 62. Siku ya 1 ilirudi 5, na kufikia siku ya 3 ikawa 4 tena. Kwa hiyo dirisha lake gumu ni la siku tatu tu. Kalenda ya vipande vinne ingemlazimisha apunguze wiki nzima au zaidi, na hapo angepoteza mazoezi ambayo mwili wake ulikuwa unayaweza vizuri.

Kila Jumanne ana mbio za kasi, dakika 3 mara 6, na mapumziko ya dakika 2 katikati. Akiona Jumanne inaangukia kwenye dirisha lile, huivuta nyuma hadi Jumapili, mradi Jumamosi ilikuwa nyepesi. Isipowezekana kuivuta, anaifanya siku yake lakini anabadilisha kipimo: badala ya kufukuza saa, anakimbia kwa alama 8, kasi iwe itakavyokuwa. Anafanya mara 4 badala ya 6 na kupumzika dakika 3. Mwanzoni ilimchoma kuona kasi yake imeshuka kwa sekunde kadhaa kwa kila kilomita, na namwelewa, maana saa ya mkononi haina huruma. Lakini moyo na mapafu vilifanya kazi kwa ugumu uleule, na Alhamisi hakuamka akiwa hoi.

Kwenye vyuma anafuata njia nyingine. Anachuchumaa na kilo 50, seti 3 za mara 8, na kwa kawaida anamaliza kila seti akijua angeweza kuongeza mara 3. Ndani ya dirisha lile, seti ya pili ikiisha anahisi ilibaki mara 1 tu. Hapo haondoi uzito, anaacha seti ya tatu. Nguvu hubaki kwa kuendelea kushika uzito ule. Seti ya ziada huongeza uchovu tu, na usingizi wa siku hizo si wa kutegemewa kuuondoa.

Dirisha langu ni tofauti kabisa na lake. Siku za kabla ya hedhi sizihisi hata kidogo, bali siku ya 1 na ya 2 mbio ya 4 inakuwa 7 kwa sababu ya tumbo na mgongo. Siku hizo sifuti mazoezi moja kwa moja. Naanza na dakika 10 za mwendo mwepesi kabisa, kisha najiuliza alama. Ikiwa inashuka, naendelea, na mara nyingi maumivu hulegea mwili ukishapata joto. Ikiwa inapanda ilhali sijaongeza mwendo, nageuza na kurudi nikitembea. Jambo moja la kuangalia: dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni usizimeze kabla ya mbio ndefu kwenye jua ukiwa hujanywa maji ya kutosha, maana figo na tumbo hazipendi mchanganyiko huo.

Usitoe hukumu kwa mzunguko mmoja. Alama 6 inaweza kuletwa na joto la siku hiyo, kulala kwa muda wa saa tano tu, mafua yanayonyemelea, au miguu iliyochoshwa jana. Kinachotoka kwenye hedhi kina tabia ya kujirudia mahali palepale na kisha kuondoka. Kisipojirudia kwenye mizunguko mitatu, basi huna dirisha, na huna sababu ya kubadili ratiba kwa ajili ya hedhi. Wanawake wa hivyo wapo wengi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni alama inayopanda na kubaki juu mzunguko mzima. Hiyo usiitafutie jibu kwenye kalenda. Kama unabadilisha pedi kila saa moja au mbili kwa sababu imelowa, unatoa mabonge makubwa ya damu, au unatoka damu zaidi ya siku 7, huenda unapoteza madini ya chuma kuliko unavyoyarudisha. Nenda ukapime, na uombe wapime feritini pamoja na wingi wa damu, kwa sababu akiba ya chuma huweza kuwa imeisha huku damu ikionekana sawa kwenye karatasi ya majibu.

Upande wa pili ni hedhi inayochelewa, inayopungua, kisha inapotea mazoezi yalipoongezeka. Wako wanaofurahia, wakidhani ni dalili ya kuiva kimichezo. Mara nyingi, ukishajua si mimba, ni dalili kwamba chakula hakifikii kazi unayoupa mwili, na mifupa ndiyo inayolipa. Miezi mitatu bila hedhi, muone daktari, na kabla ya hapo punguza mazoezi na uongeze kula.

Wanaotumia uzazi wa mpango wasome haya kwa kurekebisha. Kwa mwenye vidonge vya homoni mbili, damu inayotoka wiki ya mapumziko inaletwa na kuacha vidonge kwa siku hizo, na ule mpando wa projesteroni baada ya yai kutoka haupo. Ukitumia sindano au kijiti, damu yenyewe inaweza isionekane au ije bila mpangilio. Katika hali hizo achana na kuhesabu siku, baki na mbio ya kupimia na alama yake, na upange kwa unachokiona wiki hiyo. Kitanzi cha shaba hakizuii yai kutoka, kwa hiyo kuhesabu kunaendelea kama kawaida, ila kwa baadhi ya wanawake huongeza damu inayotoka kwenye hedhi, kwa hiyo anayekitumia na alama zake zinapanda aanze na kipimo cha feritini.