Nafasi ya kazi huanza kwenye bajeti, tangazo huja mwishoni

Kuanzia Novemba hadi katikati ya Desemba, LinkedIn ya Tanzania hujaa majoho. Vyuo vinafanya mahafali, vijana wanabadilisha picha, wanamshukuru Mungu na wazazi, kisha wiki hiyohiyo wanatuma wasifu kwa kila meneja wanayemwona mtandaoni. Mimi nimekaa upande wa kupokea kwa miaka mingi, nikiwa afisa rasilimali watu kwenye kampuni binafsi hapa Dar es Salaam. Kinachoniuma ni kwamba wengi wao wanafaa kabisa, ila wamefika wakati mbaya. Bajeti ya mwaka unaokuja imeshafungwa, ya mwaka unaoisha imeshatumika, watu wa fedha wanahangaika kufunga hesabu, na meneja mwenyewe ameshaanza kufikiria safari ya Moshi au Bukoba kwa ajili ya sikukuu. Ujumbe unasomwa, unajibiwa "tutakutafuta", na mwezi wa kwanza hakuna anayeukumbuka.

Nieleze nafasi inavyozaliwa, maana ukilijua hilo utajua mwenyewe lini uandike.

Chukua kampuni ambayo mwaka wake wa fedha unaanza Januari na kuisha Desemba, kama zilivyo benki zetu. Mwezi wa nane au wa tisa, idara ya fedha inawatumia wakuu wa idara jedwali la kujaza bajeti ya mwaka ujao. Humo kuna sehemu ya watumishi: una watu wangapi, unaomba kuongeza wangapi, kwa mshahara gani, kuanzia mwezi gani. Oktoba mkuu wa idara anaitwa kutetea alichoomba, na hapo ndipo nafasi nyingi hukatwa. Novemba au Desemba bodi inapitisha. Januari fedha inafunguka, mkuu wa idara anajaza fomu ya kuomba mtumishi, fomu inazunguka kutafuta saini, na tangazo linatoka Februari au Machi. Kwa hiyo kazi unayoiona imetangazwa Februari ilishazungumzwa Septemba, na wewe hukuwepo kwenye mazungumzo hayo hata kwa jina.

Ndiyo maana Septemba naipenda kuliko mwezi mwingine wowote kwa kijana anayetafuta kazi ya kwanza. Mkuu wa idara wakati huo ana jedwali mezani na anajiuliza mtu wa namna gani anaweza kumpata, na kwa mshahara upi. Ukimwandikia vizuri hutapata kazi mwezi huo, ila utakuwa mfano alionao kichwani anapotetea ombi lake. Nimeshuhudia meneja akiiambia kamati kwamba kuna vijana wanaojua kazi hii tayari, hahitaji mtu wa gharama kubwa. Alikuwa anazungumzia watu wawili waliomwandikia wiki chache kabla.

Mlango wa pili hautegemei bajeti mpya. Kampuni nyingi hulipa bonasi baada ya hesabu za mwaka kukaguliwa, mara nyingi Machi au Aprili. Mtumishi aliyekwisha kupata kazi kwingine husubiri bonasi iingie ndipo aandike barua ya kuacha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Barua ikiandikwa mwanzoni mwa Aprili, kiti kinakuwa wazi Mei. Nafasi ya namna hii tayari ina mshahara wake kwenye bajeti, haihitaji kutetewa upya, na meneja ana haraka kwa sababu kazi inamlemea. Mara nyingi anauliza kwanza, "Nani tunamfahamu?" kabla hajatuambia tutangaze. Ujumbe wa kukumbusha uliotumwa katikati ya Aprili unafika kwa mtu mwenye shida halisi.

Sasa tuufuatilie mwaka mzima wa mhitimu mmoja, tuseme binti aliyesoma uhasibu. Mitihani ya mwisho anaimaliza Julai. Mahafali ni Novemba. Kosa la kwanza la vijana wengi ni kuichukulia miezi hiyo minne kama likizo ya kusubiri joho, wakati ndiyo miezi ambayo bajeti inaandikwa. Waajiri binafsi wengi hupokea hati ya matokeo ya chuo kwa muda, cheti kikaja baadaye. Kwa hiyo mara seneti ya chuo ikishapitisha matokeo, yeye ameshakuwa mhitimu wa kutosha kuanza kuzungumza na watu.

Agosti anatengeneza profaili ya LinkedIn. Mstari ulio chini ya jina, ambao kwenye skrini unaitwa Headline, ndio unaoonekana kwenye orodha tunapotafuta mtu. Ukiandika "Recent graduate seeking opportunities" hatukupati, kwa kuwa hakuna anayetafuta kwa maneno hayo. Sisi tunaandika jina la kazi na kitu anachokijua: "Accountant", "bank reconciliation", "QuickBooks", "VAT returns". Binti huyu alifanya fildi kwenye kampuni ya usafirishaji, akawa analinganisha taarifa za benki na daftari la fedha kila mwezi. Hilo liingie kwenye mstari wa juu, na maelezo yake yakae chini ya kipengele cha fildi. Anapofanya marekebisho haya yote, azime kitufe cha Notify network, ili watu wake wasipate taarifa ya kila koma aliyobadilisha. Taarifa aitunze kwa jambo moja lenye uzito.

Septemba anaandika. Watu wachache wanatosha, wale wanaosimamia kazi anayoitaka: mhasibu mkuu, meneja wa fedha. Sisi wa rasilimali watu tunaweza kusubiri. Hata tarehe ina maana. Mhasibu wa Tanzania anawasilisha kodi za mishahara tarehe 7 na ritani ya VAT tarehe 20, na mwisho wa mwezi anafunga hesabu. Kati ya tarehe 9 na 16 hivi ndipo anapata nafasi ya kupumua. Ujumbe uwe wa namna hii:

"Shikamoo Mama. Samahani kwa kukusumbua. Nimemaliza shahada ya uhasibu mwaka huu, na fildi nilifanya kwenye kampuni ya malori, nikilinganisha akaunti tatu za benki kila mwezi. Najua wengi sasa mnaandaa bajeti. Naomba kufahamu, je, idara yako huchukua wasaidizi wa uhasibu wanaoanza, na kwa kawaida mnawahitaji miezi gani? Nitashukuru hata kwa jibu fupi."

Tazama anachoomba. Haombi kazi, anaomba habari ambayo ni rahisi kuitoa, na jibu lolote litamsaidia. Akijibiwa "labda Januari, bajeti ikipita", ameshapewa ruhusa ya kurudi Januari. Akijibiwa kwamba hawaongezi mtu mwaka ujao, amejua asipoteze muda hapo mpaka Aprili.

Novemba anavaa joho na kupiga picha kama wenzake, na ana haki ya kufurahi. Mwezi huohuo NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, wana mitihani, na kama amejiandikisha, matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka. Hili ndilo jambo lenye uzito nililolisema. Akifaulu masomo yake, anaongeza kwenye profaili, anawasha Notify network, na taarifa inawafikia watu aliowaandikia Septemba, wakati fomu za kuomba watumishi zinajazwa. Siku mbili tatu baadaye anamwandikia yule Mama: "Ulinishauri nirudi Januari. Nimefaulu mitihani ya Bodi ya Novemba, na wasifu wangu mpya huu hapa." Asishangae jibu likichelewa. Januari hadi Machi wakaguzi wa nje wako ofisini na meneja wa fedha hana muda. Kimya cha wiki tatu kipindi hicho hakimaanishi amekataliwa, na asitume ujumbe wa pili kabla ya mwezi kupita.

Kabla ya kuandika popote, hakikisha mwaka wa fedha wa kampuni husika, kwa sababu si wote wanafuata Januari. Vodacom Tanzania, kwa mfano, hufunga mwaka tarehe 31 Machi, kwa hiyo kalenda yote niliyoeleza inasogea miezi mitatu mbele. Fungua ripoti ya mwaka ya kampuni au hesabu zake magazetini, utaona maneno "kwa mwaka ulioishia" na tarehe. Hesabu miezi minne nyuma kutoka tarehe hiyo, hapo ndipo bajeti ya mwaka unaofuata inapikwa.

Serikalini mambo ni mengine, na huko kuandikia watu hakusaidii kitu. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, Bunge la Bajeti linaketi kuanzia Aprili, na kila taasisi inaajiri kwa mujibu wa ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishiwa, na kibali. Kilicho mikononi mwako ni akaunti yako ya Ajira Portal. Ijaze kabla ya Julai: namba ya NIDA, vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria, majina yanayofanana kwenye nyaraka zote. Tangazo likitoka hukaa wazi siku chache, kwa kawaida wiki mbili hivi, na nimeona watu wakizimaliza wanahangaikia herufi moja ya jina. Halafu huku hati ya matokeo ya muda haikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Kwa mhitimu wa Novemba, basi, msimu wa serikali unaanza baada ya kukabidhiwa cheti, na ule wa kampuni binafsi unaanza kabla.

Kwenye mashirika na miradi ya wafadhili, uliza fedha inatoka wapi. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza Oktoba 1, na kwa muda mrefu miradi yake hapa nchini ilifuata mwendo huo. Januari 2025 misaada hiyo iliposimamishwa, watu waliokuwa na mikataba mkononi walirudishwa nyumbani, na kalenda haikuwasaidia. Kwa hiyo kwa mradi wowote, uliza unaisha lini na ni nani anaulipia, kisha uangalie habari za mfadhili huyo kama unavyoangalia matangazo ya kazi. Ukiona shirika linatangaza nafasi nyingi miezi michache kabla ya mradi kuisha, uliza kwenye usaili kama fedha ya awamu inayofuata imeshasainiwa. Ni swali halali, na wenye mradi wa kweli hulijibu bila kusita.

Kwa walio kazini tayari na wanataka kuhama, alama ya Open to work iweke ionekane kwa waajiri tu, siyo kwa kila mtu. LinkedIn hujaribu kuificha kwa kampuni unayofanyia kazi, lakini hawatoi uhakika. Kama bonasi yako ni Machi, safisha profaili Novemba au Desemba, wakati wenzako wote wanabadilisha za kwao na hakuna atakayejiuliza kwa nini. Mazungumzo yafanye Januari na Februari, na barua ya kuacha kazi usiiandike kabla fedha haijaingia kwenye akaunti.