Hisa ya kampuni ndogo iliyopaa ghafla

"Kundi letu la WhatsApp hapa Kampala linasema hisa fulani itapanda maradufu. Tayari imeanza kupanda. Niingie?"

Usiingie, ndugu yangu. Hisa isiyouzwa mara kwa mara hupandishwa kwa pesa kidogo mno. Tuseme iko shilingi 40, na wanaouza wametoa hisa 5,000 tu kati ya 40 na 60. Mtu akizinunua zote kwa siku chache, hafikishi shilingi 300,000, lakini bei inasomeka 60. Kumbe alishakusanya hisa 500,000 kimyakimya kwa 40. Sasa anatuma picha ya bei kundini. Mkinunua, anayewauzia ni yeye. Akimaliza, wanunuzi wanatoweka, na hutapata wa kuichukua hata kwa 35. Inaniuma kwamba wanaolengwa ni watu wanaoanza kuwekeza.

Mwombe dalali wako akuonyeshe oda za kununua zilizopo na hisa ngapi zimekuwa zikiuzwa kila siku. Kisha tafuta tangazo la kampuni kwenye tovuti ya soko la hisa. Bei ikipanda bila habari yoyote, huku mtu akikuharakisha, hiyo ni dalili mbaya. Hifadhi jumbe hizo uzipeleke kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, maana kuchezea bei ni kosa la kisheria.