Umbali wa nukta hadi mstari

"Mstari 3x + 4y = 12, nukta (5, 3), natafutaje mstari wa pembe mraba na umbali?"

Mkuu anza na mteremko, huo mstari una -3/4, sasa ugeuze juu chini na ubadili alama upate 4/3, wengi wanageuza tu wanasahau alama. Pitisha kwenye (5, 3): y - 3 = 4/3(x - 5), yaani 4x - 3y = 11. Tatua na ule wa kwanza, inatoka (3.2, 0.6), hapo ndo inapokatana. Tofauti na nukta yako ni 1.8 na 2.4, Pithagorasi inakupa 3. Kuhakiki chapchap: |3×5 + 4×3 - 12| ÷ √(3² + 4²) = 15/5 = 3.