Kufifisha ukingo wa picha hadi rangi ya chini ionekane

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Mbale, natengeneza bango la A4 la kutangaza safari za maporomoko ya Sipi, natumia programu ya picha ya GIMP 2.10. Nataka picha ya maporomoko iyeyuke taratibu upande wa kushoto iingie kwenye kijani cha bango. Kwanza nilipaka weupe pembeni kwa brashi laini. Kwenye karatasi nyeupe ilipendeza, kwenye kijani ikaleta ukungu. Kisha nikajaribu maski, ukabaki mstari mwembamba ukingoni. Nilipofifisha na upande wa chini, ule wa kushoto ukarudi kuwa mkali kama mwanzo. Nakosea wapi?

Jibu: Ukungu ule ni rangi nyeupe halisi. Brashi laini ilichanganya kila pikseli na weupe, lakini pikseli zenyewe zikabaki zimeziba. Kijani hakina pa kupita. Maski haigusi rangi ya picha hata kidogo. Ni leya ya kijivu iliyofungwa kwenye picha: panapokuwa peupe picha inaonekana, panapokuwa peusi haionekani, na kijivu cha katikati huacha kijani kipenye kwa kiasi chake. Kwa hiyo njia uliyoifuata mara ya pili ndiyo sahihi. Kilichokuponyoka ni mahali pa kuanzia kuburuta gredienti, yaani ule mpito wa taratibu kutoka nyeusi kwenda nyeupe.

Tuchukue bango lako lilalo kwa upana, A4 kwa pikseli 300 kwa inchi, yaani 3508 kwa 2480. Tuseme picha ina upana wa pikseli 2000 na urefu wa 2080, nayo imebanwa kwenye kona ya juu kulia. Ukingo wake wa kushoto basi uko kwenye 1508, na wa chini uko kwenye 2080, ukiacha utepe wa kijani wa kuandikia namba za simu. Namba hizi utazisoma chini kushoto mwa dirisha unaposogeza kipanya. Zitumie, kwa sababu jicho peke yake hudanganya picha ikiwa imepunguzwa kwenye skrini.

Bofya leya ya picha, nenda Layer > Mask > Add Layer Mask, chagua White (full opacity), kisha Add. Kijipicha cheupe kitatokea kando ya kijipicha cha picha. Kibofye hicho cheupe kabla ya kufanya lolote. Ukisahau, gredienti itamwagika juu ya picha yenyewe na utaona maporomoko yamefunikwa na rangi nyeusi na nyeupe. Hapo Ctrl+Z inatosha.

Bonyeza D ili rangi ya mbele iwe nyeusi na ya nyuma iwe nyeupe, halafu G kuchukua zana ya gredienti. Kwenye mipangilio ya zana chagua FG to BG (RGB), Shape iwe Linear, Repeat iwe None, na Dithering iwe imewashwa. Hiyo ya mwisho husaidia mpito mrefu usitoke na michirizi kama ngazi, hasa juu ya anga tupu.

Sasa mstari wako. Ukianza kuburuta kwenye 1408, yaani pikseli 100 nje ya picha, na ukaburuta pikseli 600, ukifika ukingoni kwenye 1508 gredienti imeshasafiri sehemu moja ya sita ya njia. Maski pale si nyeusi tena, ni kijivu cha giza. Picha inaanza kuonekana ghafla kwa kiasi hicho badala ya kuanzia sifuri, na jicho ni hodari sana wa kukamata ukingo ulionyooka, hata ukiwa hafifu. Anzia ndani ya picha: bofya kwenye 1530, buruta kulia hadi 2130 huku umeshika Ctrl ili mwelekeo usipinde, kisha bonyeza Enter. Chochote kilicho nyuma ya mwanzo wa gredienti hubaki cheusi kabisa, kwa hiyo zile pikseli 22 za pembeni zinapotea zote, na ukingo pamoja nazo. Pikseli 600 ni kama sentimita 5 kwenye karatasi. Chini ya sentimita 2 mimi naona inaanza kufanana na kivuli, si kuyeyuka.

Kuhakiki, usitegemee kijani chako. Rangi ya giza huficha mstari unaoweza kujitokeza kwenye chapa. Weka kwa muda leya ya waridi kali chini ya picha, kuza hadi asilimia 100, upitie ukingo wote kuanzia juu hadi chini. Au nenda Layer > Mask > Show Layer Mask uitazame maski yenyewe: safu ya mwisho kushoto iwe nyeusi tii. Kumbuka kuondoa alama hiyo baadaye, la sivyo utadhani picha imepotea.

Upande wa chini uliharibu wa kushoto kwa sababu gredienti haipaki kipande; hujaza maski nzima. Ya pili iliifuta ya kwanza, na pale kushoto ikarudisha weupe. Dawa ni kubadili Mode, iliyo juu kabisa kwenye mipangilio ya zana, kutoka Normal kwenda Multiply. Hapo thamani mbili huzidishwa: cheupe cha gredienti mpya hakibadilishi kitu, cheusi huficha, na penye kijivu juu ya kijivu panazidi kuwa peusi. Kwenye kona ya chini kushoto, ambapo kila gredienti ingeacha nusu ya picha, itabaki robo, ndiyo maana kona hutoka laini yenyewe. Buruta kutoka 2060 kwenda juu hadi 1660, bonyeza Enter, kisha rudisha Normal mara moja. Watu wengi husahau hilo, kesho yake wanashangaa kwa nini zana “imegoma”.

Multiply ina upungufu mmoja: inaongeza giza tu. Ukikosea, kuburuta tena hakutarudisha picha. Rudi nyuma kwa Ctrl+Z, au jaza maski yote weupe kwa Edit > Fill with BG Color, uanze upya.

Ikiwa upande wa ndani, pale karibu na 2130, unaona kama mkunjo ambapo mfifio unaishia, hilo si kosa la kuburuta. Gredienti iliyonyooka husimama ghafla. Maski ikiwa bado imechaguliwa, fungua Colors > Curves, vuta sehemu ya giza chini kidogo na sehemu ya mwanga juu kidogo ili mstari uwe kama herufi S iliyolala. Ncha mbili usiziguse. Usilainishe kwa Gaussian Blur, maana ukungu wake mpana utakula ule ukanda mweusi wa pikseli 22 na kurudisha mstari uliokuwa umeshauondoa.

Ukimalizia bango lote ndani ya GIMP, lipeleke kwa mchapaji kwa muundo wowote anaoutaka, kwa kuwa kijani kimo humo humo. Lakini kama yeye ndiye atakayeipanga picha juu ya kijani kwenye programu yake, zima jicho la leya ya kijani, uone miraba ya kijivu penye uwazi, kisha File > Export As na jina liishie .png. JPEG haina uwazi: itajaza pale pote rangi, na ukungu wako utarudi. Image > Flatten Image hufanya vivyo hivyo, tena kwa rangi ya nyuma, ambayo tangu ubonyeze D ni nyeupe. Nakala ya .xcf baki nayo, ndiyo pekee ambayo maski yake bado inaweza kurekebishwa.