Kama unatoka na tanga, gusa kwanza umande

Nakuandikia wewe unayeanza kutoka na ngalawa huku Bagamoyo, maana mi nililipia huu ujinga. Ilikuwa Februari, tumechelewa kuamka, tunasukuma chombo saa tatu na nusu asubuhi. Upepo wa nchi kavu ukatusogeza kidogo tu ukafa, tanga likaning'inia kama nguo kwenye kamba, tukakaa hapo karibu saa nzima jua linatuchoma, halafu upepo ukarudi lakini sasa unatoka baharini, unatupiga usoni! Tukapiga bisho mpaka tukachoka tukarudi mikono mitupu.

Mjomba akanifundisha kwa miguu. Saa saba mchana simama peku kwenye mchanga mkavu, huwezi, unaweza kufika digrii 50 na zaidi, af ingia majini, maji yako kwenye 28 au 29 tu. Jua ni lile lile ila kwenye mchanga joto lote linabaki juu juu, sentimita chache, wakati baharini linazama mita nyingi na mawimbi yanalichanganya, na maji yenyewe yanataka joto kama mara 5 ya mchanga ili kilo moja ipande digrii moja. Kwa hiyo hewa ya juu ya nchi inapata moto, inatanuka, inapanda, presha huku chini inapungua kidogo, na hewa ya baharini iliyo baridi zaidi inakuja kujaza. Ndo ule upepo unaoanza kama saa nne au tano na kukolea saa tisa.

Sasa rudi hapohapo saa kumi na moja alfajiri. Mchanga umepoa hadi unahisi ubaridi, maji ni vuguvugu. Nchi imetoa joto lake lote usiku, hewa yake imekuwa nzito inateremka kwenda baharini. Huu ni mdogo kuliko wa mchana kwa sababu tofauti ya joto ni ndogo, miti na nyumba nazo zinauzuia, ila kwa ngalawa unatosha kabisa.

Wazee wanauita umande, jina moja na yale maji ya asubuhi kwenye majani, na chanzo ni kimoja, nchi kupoa. Kwa hiyo kabla hujatweka tanga pitisha kiganja kwenye ubao wa chombo. Ukilowa, mbingu ilikuwa wazi usiku, nchi imepoa vizuri, toka saa kumi na moja na ukifika saa mbili uwe umeshafika unakovua. Ukiwa mkavu na mawingu yalitanda usiku kucha, mawingu yanazuia joto lisitoke, beba makafi na usitegemee kusukumwa.

Kurudi ni hivyo hivyo, mchana ukiwa wa mawingu mazito nchi haipati moto wa kutosha na upepo wa kukurudisha unakuwa dhaifu. Na Juni mpaka Agosti kusi likivuma kwa nguvu linaweza kuufunika umande wote hata kama ubao umelowa, hapo angalia kusi kwanza.