Barua ya mpangaji kwa Kiingereza: lainisha salamu, usilainishe madai

Jirani yetu hapa Lyon, mama mmoja wa Uvira, alipitisha majira ya baridi na hita ya maji iliyokufa na ukungu mweusi kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Mwenye nyumba anaishi London na hasomi Kifaransa. Mama alikuwa ameandikiwa barua nzuri ya malalamiko kwa Kifaransa, akaniletea. "Mwanangu, igeuze Kiingereza. Lakini usinivunjie heshima."

Rasimu yangu ya kwanza nilifuata neno kwa neno, na iliharibika sehemu mbili.

Ya kwanza ni mwishoni. Barua ilifungwa hivi:

"Dans l'attente de votre réponse, je vous prie d'agréer, Madame, l'expression de mes salutations distinguées."

Nilimwomba mwenye nyumba, kwa Kiingereza, apokee salamu zangu tukufu. Mwingereza akisoma hivyo hujiuliza kama anabembelezwa au anadhihakiwa. Kwa Mfaransa, sentensi hiyo ni ya kawaida kabisa, tena ina ubaridi kidogo, haimsifu mtu. Ni kama sisi tunapomaliza barua ya ofisini kwa "Wako mtiifu": hakuna anayedhani umeahidi utii. Kwa hiyo haitafsiriwi maneno yake, inatafsiriwa kazi yake.

Kiingereza cha Uingereza kina njia mbili za kufunga barua rasmi, na inayotumika huamuliwa na mwanzo wa barua. Ukifungua kwa "Dear Madam" au "Dear Sir" bila jina, unafunga kwa "Yours faithfully". Ukitaja jina la ukoo baada ya "Dear Ms" au "Dear Mr", unafunga kwa "Yours sincerely". Mwenye nyumba akiwa Mmarekani, "Sincerely" inatosha.

Hapo kuna mtego. Mfaransa huandika "Madame" tupu hata kama jina analijua, kwani ndiyo adabu yake. Mwingereza anayejulikana kwa jina, na jina liko kwenye mkataba, huona "Dear Madam" kama barua ya kampuni isiyomjua. Nilirudi juu nikaweka jina, na mwisho ukabadilika wenyewe kuwa "Yours sincerely". Lile "Madame" linalorudiwa katikati ya sentensi ya kufunga linaondolewa. Maneno ya kusubiri jibu yanakatwa na kuwa sentensi yake: "I look forward to receiving your written reply."

Sehemu ya pili iliniumiza zaidi, maana ingemgharimu mama. Barua ilisema "je vous demande" mahali fulani, na chini yake "je vous mets en demeure". Nilidanganywa na sauti. "Demander" ni kuomba tu, lakini "demand" ya Kiingereza ni kudai kwa nguvu; sahihi ni "I ask you" au "I request". "Mise en demeure" ndiyo yenye meno: ni onyo rasmi la kumtaka mtu atimize wajibu wake kabla hujaenda mbele. Mimi nilikuwa nimeiandika "remind", yaani kukumbusha. Nilikuwa nimeweka ukali penye ombi, na ombi penye ukali. Sasa inasomeka "I hereby give you formal notice to repair", na sikuongeza "please" mbele yake.

Muda nao uangalie. "Sous quinzaine" kwa Mfaransa ni siku 15, lakini "fortnight" ya Mwingereza ni siku 14. Nikaandika "within 15 days of receiving this letter", pasiwe na ubishi. "Charges" ni gharama za huduma za jengo, kwa hiyo "service charges", wala si mashtaka. "Lettre recommandée" ni barua ya rejista, "registered letter". "Recommended" haimo kabisa.

Sheria niliiacha na jina lake la Kifaransa, "loi n° 89-462 du 6 juillet 1989", kisha nikaeleza kwa Kiingereza kwamba kifungu cha 6 kinamtaka mwenye nyumba atoe makazi yanayofaa kuishi. Usitafute sheria ya Uingereza inayofanana nayo. Nyumba iko Ufaransa, na sheria inayoitawala ni ya huko.

Kwa sababu hiyohiyo, Kiingereza hakikwenda peke yake. Mahakama za Ufaransa hufanya kazi kwa Kifaransa, hivyo barua iliyosainiwa na mama ni ya Kifaransa, ikatumwa kwa rejista yenye hati ya kupokelewa. Yangu iliambatanishwa, na juu yake nikaandika "English translation, for information". Mama aliisoma ile sentensi ya onyo, nikamweleza maana yake, akauliza kama si kali mno. Nikamwonyesha yake ya Kifaransa: uzito ni uleule. Akatia saini.