Akumulata ya kuzima mishtuko: ukubwa na gesi

«Presi yetu hapa Lubumbashi inafanya kazi kwa bari 150, pampu lita 120 kwa dakika. Vali ikifunga, mabomba yanapiga. Akumulata gani, gesi ngapi? Mwenzetu anashauri tujaze gesi bari 150.»

Ndugu, vali inapofunga, pampu huendelea kusukuma lita 2 kila sekunde mpaka vali ya usalama ifunguke. Ikichelewa sekunde 0.05, lita 0.1 ya mafuta inatafuta pa kwenda. Ili shinikizo lisipite bari 165, gesi iliyo ndani ya mpira wa akumulata inahitaji nafasi ya lita 1.5 hivi kwenye bari 150, na kama ilijazwa kwa bari 120, hiyo ni akumulata ya takriban lita 1.9. Chukua ya lita 2.5, uifunge karibu kabisa na vali, kwani bomba refu katikati huharibu kazi yote.

Aliyeshauri kujaza bari 150 ana haki kwamba gesi kidogo haisaidii, lakini hapo mpira utagonga vali ya chini ya akumulata kila mara hadi upasuke. Bari 120 ni za wakati wa kazi, gesi ikiwa na joto la nyuzi 50. Ukijaza asubuhi kwenye nyuzi 20, weka 109, azoti tupu, kamwe si oksijeni, upande wa mafuta ukiwa hauna shinikizo. Muda wa vali ya usalama upimeni: ukifika sekunde 0.1, ukubwa unakuwa maradufu.